Pima Uzi Kabla ya Kufunga Nywele

Nywele za mwanamume anayefuga zina kipindi kibaya. Zimeshavuka urefu wa kuchana asubuhi na kutoka, zinaegemea upande ulioulalia usiku, lakini bado si ndefu za kufungika vizuri. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kijana anatafuta raba bendi, anazikusanya kwa viganja viwili, zile za mbele zinazochomoka anazilaza kwa jeli na brashi, anakaza mizunguko mitatu, na fundo linapatikana. Kwenye kioo anaonekana safi. Miezi kadhaa baadaye anaanza kujiuliza mbona paji la uso limepanda.

Watu huilaumu raba bendi, na kweli ina makosa yake. Ila kosa kubwa limetangulia. Nywele za mbele hazikuwa zimefika mahali alipotaka fundo likae, akazivuta zifike. Nywele haina namna ya kujiongeza, kwa hiyo kinachosogea ni ngozi iliyoishika. Ngozi ikivutwa hivyo kila siku, mizizi ya ukingoni ndiyo inayolipa. Ndiyo maana katika kufunga nywele za urefu wa kati, urefu na usalama wa ukingo ni jambo moja, na lote linapimika kwa uzi na rula.

Chukua uzi wa kushonea. Weka ncha yake pale nywele zinapoanzia, katikati ya paji la uso, uupitishe juu ya kichwa ukiwa umelala kwenye ngozi mpaka mahali unapotaka fundo. Kata, pima. Rudia ukianzia kwenye panja, pale mbele ya sikio kwa juu, kama nywele za hapo nazo zitaingia kwenye fundo. Umbali mrefu kati ya hiyo miwili ndio wa kufuata. Ongeza sentimita 5: mbili au tatu za kushikwa na kifungio, zilizobaki za kuacha ulegevu. Jumla hiyo ndiyo nywele unayohitaji.

Sasa pima nywele yenyewe. Shika chache za mbele kabisa, zinyooshe juu ya rula bila kuziumiza, usome. Mwenye nywele za kipilipili asipime kwa macho, kwa sababu nywele zikikauka hujikunja zikaonekana nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Anayedhani ana sentimita 6 huenda ana 14. Mwenye nywele za singa hapati mshangao huo, lakini ana mzigo mwingine: za kwake hazivimbi zenyewe baada ya kifungio, kwa hiyo akitaka fundo la kuviringishwa inabidi aongeze tena sentimita 8 hadi 10 za kuzungushia. Kipilipili hutosheka na zile tatu zinazobaki nje ya kamba. Zinafumuka na kujaza zenyewe, na pafu linaonekana kubwa kuliko nywele zilizomo.

Kipimo hicho kinaeleza pia kwa nini vijana wengi huanza kwa kunyoa pembeni na nyuma, wakabakiza za juu tu. Kutoka shingoni hadi utosini ni safari ndefu, na kutoka kwenye paji hadi kisogoni ni ndefu zaidi. Anayetaka kufunga kichwa kizima kwa fundo la kisogoni anahitaji nywele za mbele za sentimita 25 na kuendelea. Aliyebakiza za juu anaweza kuanza akiwa na 14 au 15, mradi akubali fundo kukaa mbele kuliko anavyoona kwenye picha.

Subira yenyewe ni ya muda gani? Wengi wameshika kwamba nywele huota nusu inchi kwa mwezi, yaani kama milimita 12. Hesabu hiyo inakaribia ukweli kwa nywele za Wazungu. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye asili ya Afrika vilitoa wastani wa takriban robo milimita kwa siku, ambao kwa mwezi ni kama milimita 8. Kwa mwaka hizo ni sentimita 9 hadi 10, na hapo hatujatoa zilizokatika kwa chanuo. Anayehesabu kwa nusu inchi anajiona amecheleweshwa, anaanza kununua mafuta ya kukuzia nywele, kumbe nywele zake zinakwenda mwendo wake wa kawaida.

Tuseme kuna kijana wa Sinza aliyeacha kunyoa juu kwa miezi 18 huku pembeni akipiga fedi kila wiki mbili. Uzi wake kutoka kwenye paji hadi karibu na utosi unasoma sentimita 13. Kutoka ukingo wa fedi hadi palepale ni 9, kwa hiyo anafuata ile ya mbele. Kumi na tatu na tano ni 18. Anaponyoosha nywele za utosini anapata 15, lakini za mbele zina 13 tu. Tofauti hiyo haina ajabu: kinyozi akichonga mstari wa mbele hugusa nywele za mwanzo kila mara, na wembe ukipanda hata kidogo unaondoa ukuaji wa miezi. Wakati anafuga, amwambie kinyozi wazi kwamba mstari wa mbele asiuguse, amalize pembeni na shingoni.

Kijana huyu amepungukiwa sentimita 5. Kwa mwendo wa milimita 8 hiyo ni miezi 6 ya kusubiri, na hataki kusubiri. Basi asogeze fundo badala ya kusogeza nywele. Akitoa 5 kwenye urefu wake wa 13 anabaki na 8: hapo, sentimita 8 kutoka kwenye paji, ndipo kamba inapoweza kukaa bila kuvuta. Pafu litakuwa mbele ya kichwa, limeinama kidogo kuelekea usoni, na kwa nywele za kipilipili linapendeza. Kadiri nywele zinavyoota, kamba inarudi nyuma, karibu unene wa kalamu kwa kila mwezi. Njia nyingine ni kuziacha za mbele nje ya fundo kabisa. Azisokote mbili mbili, zilale kuelekea nyuma bila kushikwa, kisha afunge zinazoanzia nyuma yake ambazo tayari zina urefu. Ukiniuliza, hii ya pili ndiyo bora, kwa kuwa ukingo haubebi chochote.

Kabla ya kufunga, nywele zinyooshwe. Sizungumzii dawa wala pasi. Usiku zisuke mabutu makubwa sita au manane, au zizungushie uzi kama wafanyavyo wasusi, na asubuhi ufumue. Nywele iliyonyooka kidogo hufika mbali bila nguvu. Jambo la kuepuka kabisa ni kufunga nywele mbichi zilizotoka kuoshwa. Maji huilegeza nywele ikavutika kuliko kawaida, nawe unakaza ukiona imelainika na kutii. Inapokauka inajikunja kurudi kwenye umbo lake wakati kamba imeshashika mwisho wake, na lililokuwa fundo la wastani asubuhi linakuwa la kubana saa sita mchana bila mtu kuligusa. Zikiwa na unyevu mdogo wa maji ya kupuliza na mafuta kiasi, inatosha.

Kifungio kizuri unacho nyumbani. Fulana kuukuu ya pamba, ikatwe mkanda wenye upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 50 hivi. Ukiuvuta unajikunja na kuwa kamba laini yenye mvuto kidogo. Faida yake kwa mtu wa nywele za kati ni kwamba unachagua mwenyewe kiasi cha kukaza, ilhali raba bendi ina kipimo chake na hukaza zaidi kila ukiongeza mzunguko. Raba zile nyembamba za kufungia noti na mafaili ndizo mbaya kuliko zote: zinang'ang'ania nywele, na ukizitoa zinaondoka nazo. Zilizovikwa kitambaa zina nafuu.

Pitisha kamba shingoni, ipandishe juu polepole huku ukizikusanya nywele kwa kiganja, si kwa brashi. Ikifika mahali ulipopima, vuta ncha mpaka nywele zisimame pamoja, uishie hapo, ufunge kama kamba ya kiatu ili uweze kulegeza bila mkasi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Weka vidole juu ya nywele, nyuma kidogo ya ukingo wa mbele, uzisukume kuelekea usoni mpaka ziinuke na kuacha kutuna kadogo. Fanya hivyo pia kwenye mapanja yote mawili. Zile nywele fupi laini za mwanzo kabisa, za malaika, zisiingie kwenye hesabu. Waache malaika wakae nje. Kuwalaza kwa jeli ngumu na mswaki kila asubuhi ni kuvuta vilevile, tena kunakozilenga nywele dhaifu kuliko zote.

Sasa jipime. Inua nyusi juu kabisa, kisha kunja uso. Paji likigoma kukunjana, au ukisikia nywele zinavutwa nyuma ya mapanja, umekaza. Tazama kwenye kioo ukiwa karibu na dirisha: ngozi ya ukingoni ikiwa imeinuka vijilima vidogo pale kila nywele inapotokea, umekaza. Kichwa kikianza kuuma baada ya muda na maumivu yakaisha ndani ya saa moja tangu ufungue, hayo yalikuwa ya nywele. Madaktari wanayatambua kama aina yake ya maumivu ya kichwa. Ile kauli ya saluni kwamba nywele lazima ziume siku ya kwanza, zitazoea, itupwe mbali. Zinazoonekana kuzoea ni mizizi iliyoanza kuachia.

Uharibifu huu si mgeni duniani. Uliandikwa mwaka 1907 kwa wanawake wa Grinlandi, ambao walifunga nywele zao kwa nguvu juu ya kichwa na kupoteza za ukingoni. Kwa upande wa wanaume, somo liko karibu nasi. Makalasinga, ambao wengi walifika Afrika Mashariki na ujenzi wa reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19, hawakati nywele kwa sababu ya dini yao, na hufunga fundo juu ya kichwa chini ya kilemba kila siku tangu utotoni. Madaktari wa ngozi nchini India wameeleza wanaume wa jamii hiyo wanaopoteza nywele mbele na pembeni kutokana na kukaza fundo, na wengine chini ya taya kwa kukaza ndevu. Wapo wengi mno wanaofunga hivyo maisha yao yote bila kupata tatizo. Tofauti ni kiasi cha kukaza, na siku ngapi mfululizo, mahali palepale. Morani wa Kimaasai naye hufuga, husuka na kufunga nywele ndefu kwa miaka kabla ya mama yake kumnyoa kwenye sherehe ya eunoto, kwa hiyo anayemcheka mwenzake kwamba kufunga nywele ni mambo ya kike angetazama kwanza nyumbani.

Nchini Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake wamelichunguza tatizo hili kwa miaka mingi, zaidi kwa wanawake na wasichana. Moja ya mambo waliyoyaonyesha linawahusu pia wanaume: hatari huongezeka pale nywele zilizotiwa dawa zinapovutwa. Kwa hiyo aliyetia dawa au kalikiti ili apate urefu wa haraka, halafu akafunga, amejiongezea mzigo wa pili. Asuburi wiki kadhaa bila kufunga, na akifunga alegeze kuliko mwenzake wa nywele za asili.

Dalili huja kwa mpangilio unaoweza kuufuata. Kwanza ni maumivu na muwasho. Kisha vipele vidogo ukingoni, mara nyingine vyenye usaha mchache, ambavyo watu hudhani ni vya wembe wa kinyozi. Wengine huona vijipande vyeupe vilivyozunguka nywele karibu na mzizi, wakadhani ni mba. Mba huanguka ukipukuta, hivi hubaki vimeuvaa unywele na huteleza juu yake ukivisukuma kwa kucha. Ni alama kwamba nywele hiyo inavutwa. Baadaye nywele za ukingoni zinapungua, zinakuwa nyembamba na fupi, ngozi inaanza kuonekana katikati yake. Mpaka hapo mzizi bado uko hai, na ukiacha kuvuta nywele hurudi, ingawa itachukua miezi. Ukiendelea kwa miaka, mzizi unageuka kovu. Ngozi inakuwa laini na yenye kung'aa, vitundu vya nywele havionekani tena, na hapo hakuna mafuta yanayoota kitu.

Kwa mwanamume kuna utata mmoja zaidi, kwa kuwa naye anaweza kuwa na uwaraza wa kurithi unaoanza umri uleule wa kufuga. Tazama mambo mawili. Uwaraza wa kurithi hula pembe mbili za juu ya paji na mara nyingi utosi pia, hata kwa mtu asiyefunga nywele maishani. Wa kuvuta hufuata mahali palipovutwa: ukingo wa mbele, mapanja, juu ya masikio. Mara nyingi pia huacha safu nyembamba ya malaika mbele kabisa, kisha utupu, kisha nywele nene. Malaika hao hubaki kwa sababu walikuwa wafupi mno kukamatwa na fundo. Ukiona safu hiyo, usiwasingizie babu zako. Wapo wenye yote mawili, na kwa hao fundo lililokazwa linaharakisha kilichokuwa kinakuja taratibu.

Mwenye dredi za urefu wa kati apime kwa uzi uleule, ila ajue kuwa zake zina uzito, na zikiloa zinakuwa nzito zaidi. Dredi nyembamba za ukingoni zilizotoka kusokotwa upya mizizini ziachwe siku chache kabla ya kufungwa, maana kusokota tayari kumevuta. Na dereva wa bodaboda asifunge juu. Helmeti ikikalia fundo haishuki mahali pake, kwa hiyo haikulindi ukianguka, na kila ikitikisika inavuta mizizi ya mbele. Azisuke zilale au aziache wazi chini ya helmeti, afunge akifika.

Usiku fungua. Siku mbili tatu kwa wiki usifunge kabisa, na siku za kufunga usirudie nukta ileile: leo mbele kidogo, kesho upande. Ukishaona vipele au ukingo umepungua, acha kufunga kwa miezi mitatu hadi sita, nyoa pembeni ukitaka, ila za mbele usizivute wala kuzisuka kwa kubana. Usaha ukiwepo, ngozi ikianza kung'aa, au miezi hiyo ikipita bila nywele kuonyesha kuchipua, nenda kwa daktari wa ngozi. Moshi, pale KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi waliopita hapo wanahudumu katika hospitali nyingine nchini. Siku ya kwenda usipake jeli wala mafuta, wala usifunge. Fungua nywele, vua kofia, na umwonyeshe pia jinsi unavyofunga kila siku.